Nataka kwenda uwandani, ofisi imenipa fomu ya kuahirisha masomo

*Mshauri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa pili. Utafiti wangu unahusu namna wakulima wa mpunga wanavyogawana maji ya mfereji kwenye skimu moja ya umwagiliaji. Mbegu humwagwa kitaluni mwanzoni mwa Novemba na mavuno huwa katikati ya Machi, nami nataka niwepo msimu mzima. Niliandika barua moja ya kuomba likizo ya miezi 6, nikaituma kwa msimamizi wangu na kwa ofisi ya masomo ya uzamili kwa pamoja. Msimamizi hakuijibu, ila tulipokutana kwenye ngazi aliniambia, "Sawa, nenda tu." Ofisi nayo imenitumia fomu ya kuahirisha masomo niisaini kabla ya Ijumaa ijayo, na mhasibu ananiambia nikishaisaini posho ya ufadhili itasimama. Kibali cha maadili ninacho tangu Januari 15 mwaka huu, nilipewa cha mwaka 1. Nataka kuondoka Oktoba 20. Nisaini, nisisaini? Na kama barua yangu ina kasoro, niiandikeje upya?*

*Mwanafunzi wa Mfereji*

Ndugu yangu, usiisaini.

Fomu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayesimamisha masomo: aliyeugua, anayekwenda kujifungua, aliyekwama ada. Anayeijaza anakiambia chuo kwamba katika kipindi hicho yeye hasomi. Muda wake wa masomo unaacha kuhesabiwa, na kwa sababu hiyo vingi vinavyotolewa kwa mwanafunzi anayesoma navyo kwa kawaida husitishwa: posho, usimamizi, akaunti ya maktaba, na mara nyingi bima. Kama unasoma katika nchi isiyo yako, hata kibali cha ukaazi kinaweza kuingia matatani, kwa kuwa kimefungwa kwenye usajili wako. Wewe husimamishi chochote. Unakwenda kufanya sehemu nzito kuliko zote ya utafiti wako, na unachohitaji ni ruhusa ya kufanya utafiti nje ya chuo huku usajili ukiendelea. Ruhusa hiyo ina fomu yake, tofauti kabisa na uliyopewa.

Usimlaumu sana aliyekutumia fomu ile. Nimekaa miaka mingi upande wa dawati linalopokea maombi ya namna hii, na najua yanavyosomwa. Afisa anasoma kichwa cha barua na mstari wa kwanza ili ajue ombi liingie jalada lipi. Barua yako imesema likizo, imesema miezi 6, basi ikaingia kwa wanaoahirisha. Sababu ya safari, yaani mpunga na mfereji, bila shaka uliiweka aya ya pili au ya tatu. Huko afisa alikuwa hajafika.

Namkumbuka mtafiti mmoja aliyeisaini fomu kama hiyo kwa sababu tarehe ya safari ilikuwa imemkaribia na hakutaka malumbano. Akaenda, akafanya usaili wake vizuri, akarudi na kurasa na kurasa za data. Shida ilianza alipowasilisha ripoti. Fomu za ridhaa ambazo watu walizisaini kule zilimtaja kuwa mwanafunzi wa chuo fulani, chini ya msimamizi fulani, na zilieleza wapi pa kupeleka malalamiko. Kumbukumbu za chuo zilionyesha kuwa katika miezi ile hakuwa mwanafunzi anayesoma, na msimamizi hakuwa akimsimamia. Kamati ya maadili ikamzuia asitumie data yoyote mpaka jambo hilo lijadiliwe kikaoni. Hakuna aliyemtuhumu kudanganya. Ni karatasi tu zilizopingana, na yeye ndiye aliyezisaini zote mbili.

Kuna jambo moja ambalo nataka ulipime mwenyewe kabla hatujaendelea. Ukiomba ruhusa ya uwandani, hiyo miezi 6 itahesabiwa katika muda wako wa masomo na ada itaendelea kudaiwa. Wapo wanaochagua kuahirisha kwa makusudi ili waokoe miezi, halafu wanakusanya data humohumo. Usifuate njia hiyo, hata kama mwenzako ataisifia. Kuahirisha ni halali pale ambapo kweli hutafanya kazi ya utafiti. Siku utakapofungua daftari na kumuuliza mkulima zamu yake ya maji ni lini, kazi imeanza.

Sasa barua. Kasoro ya kwanza ni kwamba uliandika moja kwa wasomaji wawili. Msimamizi anataka kujua utarudi na nini na tasnifu itasogea vipi. Ofisi inataka kujua uko kwenye hadhi gani, kuanzia tarehe gani hadi gani, nani ameridhia, na vibali vyako viko hai. Tena ofisi haiwezi kuamua kabla msimamizi hajaridhia kwa maandishi, kwa hiyo ulipowatumia pamoja, kila mmoja alibaki akimsubiri mwenzake. Anza na msimamizi. Jibu lake liambatanishwe kwenye ombi la pili.

Kabla ya kuandika, kaa na tarehe zako, kwa sababu hapo ndipo nilipoona tatizo ambalo wewe hujaliona. Kibali chako cha maadili kilitolewa Januari 15 kwa mwaka 1, maana yake kinaisha Januari 14, mpunga ukiwa bado uko shambani. Kwa hesabu ya msimu uliyonipa, mbegu zikimwagwa mwanzoni mwa Novemba, miche itapandikizwa kati ya mwisho wa mwezi huo na Desemba mwanzoni, na maji yatahitajika majarubani kwa wiki nyingi baada ya hapo. Migogoro ya zamu za maji haitangoja Januari 14 ipite. Bila kuhuisha kibali, chochote utakachokirekodi kuanzia Januari 15 hadi mavuno kitakuwa kimekusanywa bila idhini, na kamati za maadili kwa kawaida hazitoi idhini kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Nusu ya msimu wako inaweza kupotea hivyo, tena ile nusu yenye mavuno.

Kwa hiyo peleka ombi la kuhuisha kibali sasa, kabla hujaondoka. Kwa kawaida kamati itataka taarifa fupi ya ulipofikia na tamko kama kuna chochote kilichobadilika kwenye hojaji, kwenye aina ya washiriki au namna ya kuhifadhi data. Kama umebadilisha chochote, hata ni kuongeza kinasa sauti pale ulipoahidi kuandika kwa mkono tu, kiseme hapo. Kuhuisha na kurekebisha ni maombi mawili, na kamati nyingine hutaka kila moja lije kwa fomu yake.

Tarehe ya kurudi nayo iangalie vizuri. Ukisema miezi 6 tu, kila ofisi itahesabu kivyake. Andika siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Mavuno ni katikati ya Machi, lakini maji yakichelewa kufunguliwa mwanzoni mwa msimu, kila kitu kinasogea mbele, nawe utahitaji siku za kurudi kwa wakulima kuhakiki ulichokiandika. Ningekuwa wewe, ningeomba Oktoba 20 hadi Aprili 17. Halafu tarehe hizo hizo, bila tofauti ya hata siku moja, ziwe kwenye fomu ya ruhusa, kwenye bima ya safari, kwenye tathmini ya hatari na kwenye barua ya utambulisho utakayoibeba kwa uongozi wa skimu. Afisa makini huziweka karatasi hizo sambamba mezani na kuzilinganisha tarehe kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Akikuta bima inaisha Machi 31 na ruhusa inaombwa hadi Aprili, faili linarudi kwako.

Ukishazipanga tarehe, mwandikie msimamizi. Iwe fupi kiasi cha kusomwa kwenye simu, na imalizike kwa ombi linaloweza kujibiwa kwa mstari mmoja. Kitu kama hiki:

> Shikamoo Profesa.
>
> Nakushukuru kwa kuniruhusu kwa mdomo tulipoonana. Naomba uridhie kwa maandishi ili niambatanishe kwenye ombi langu kwa ofisi ya masomo ya uzamili.
>
> Naomba kwenda uwandani kuanzia Oktoba 20 hadi Aprili 17, usajili wangu ukiendelea. Nimechagua kipindi hiki kwa sababu mgawanyo wa maji unaonekana wazi msimu wa mpunga tu, kuanzia kitaluni hadi mavuno. Nikikosa msimu huu, nitangoja unaofuata.
>
> Nitakuwa nimefanya majaribio ya hojaji kabla ya mbegu kumwagwa. Kufikia mwisho wa Desemba nitakutumia muhtasari wa usaili wa kipindi cha kupandikiza, na kufikia mwisho wa Februari rasimu ya sura ya mbinu za utafiti. Napendekeza tuzungumze kwa simu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kibali cha maadili kinaisha Januari 14 na nimeshaomba kukihuisha.
>
> Ukiridhia, jibu la "Naridhia tarehe na mpango huu" linatosha. Kama kuna jambo ungependa libadilike, nitakuja ofisini siku yoyote utakayonipangia wiki hii.

Neno lake la kwenye ngazi umelitaja kwa adabu, ila hukulifanya kuwa kibali. Maneno ya njiani hayana tarehe wala mahali pa kuyahifadhi, na Profesa mwenyewe anaweza asikumbuke aliridhia miezi mingapi. Sentensi ya kibali cha maadili hakikisha ni kweli siku unayoituma. Usiandike "nimeshaomba" wakati fomu bado iko kwenye kompyuta yako.

Mpango wa mawasiliano wengi huupuuza, na mimi nauona kuwa moyo wa barua. Ukiwa uwandani bado uko chini ya usimamizi, na chuo kinawajibika kuonyesha kwamba ulisimamiwa. Miezi 6 bila kumbukumbu ya mazungumzo hata moja inamweka msimamizi pabaya kuliko wewe. Ndiyo maana wasimamizi wengine hukaa kimya: hawapingi safari, bali hawajui watawajibika vipi mwanafunzi akiwa mbali. Ukimpa siku maalumu ya mazungumzo na vitu viwili vya kusoma, umemwondolea mzigo huo. Kama skimu haina mtandao wa uhakika, liseme, na utaje mahali utakapokwenda kupata mawasiliano siku hiyo.

Akikaa siku tatu za kazi bila kujibu, nenda ofisini kwake ukiwa na barua iliyochapwa yenye nafasi ya saini chini. Hajapatikana? Mwone msimamizi wa pili, kama unaye, au mratibu wa masomo ya uzamili wa idara. Kanuni nyingi humpa mratibu au mkuu wa idara mamlaka ya kuridhia msimamizi anapokuwa hayupo, ila mjulishe Profesa kwa nakala ili isionekane umemruka.

Ofisi ya uzamili iandikie hivi, ridhaa ikishapatikana:

> YAH: OMBI LA RUHUSA YA UTAFITI WA UWANDANI, USAJILI UKIENDELEA, OKTOBA 20 HADI APRILI 17
>
> Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa pili, namba ya usajili (iandike hapa). Naomba ruhusa ya kukusanya data nje ya chuo kwa tarehe zilizotajwa. Siombi kuahirisha masomo. Nitaendelea kuwa mwanafunzi wa muda wote chini ya usimamizi, na naelewa kuwa kipindi hiki kitahesabiwa katika muda wangu wa masomo.
>
> Nitakuwa kwenye skimu ya umwagiliaji (jina na mahali). Naambatanisha ridhaa ya msimamizi, kibali cha maadili pamoja na ombi la kukihuisha, tathmini ya hatari na bima ya safari.
>
> Ripoti yangu ya maendeleo ya mwaka itadaiwa nikiwa uwandani. Nitaiwasilisha kwa barua pepe kwa tarehe ya kawaida.
>
> Naomba pia barua ya utambulisho kwa uongozi wa skimu, yenye tarehe hizo hizo, na uthibitisho wa maandishi kwamba usajili wangu unaendelea, ili niupeleke kwa mhasibu na kwa mfadhili.

Sentensi ya "Siombi kuahirisha masomo" usiione kali. Inamwonyesha afisa jalada analotakiwa kulifungua. Kuhusu ripoti ya maendeleo, angalia kalenda ya chuo chako uone kama kweli inaangukia kwenye miezi hiyo. Kama haimo, ondoa aya hiyo. Uthibitisho kwa mhasibu ni muhimu zaidi ya unavyodhani. Mhasibu hasomi barua zako. Yeye huona hadhi iliyoandikwa kwenye mfumo, na hadhi ikibadilishwa kwa makosa, posho hukatika bila mtu kukuuliza. Baada ya kupata ruhusa, ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi uone imeandikwa nini, na uangalie tena malipo ya mwezi wa kwanza yanapotakiwa kuingia.

Tathmini ya hatari usiijaze kwa maneno ya jumla. "Nitachukua tahadhari" hairuhusu wala haizuii chochote. Utakuwa ukitembea kwenye kingo za mfereji, pengine usiku kama zamu za maji huenda usiku, na utakuwa ukiwauliza watu kuhusu jambo wanalogombania. Andika nani utafuatana naye usiku, nani atapigiwa simu usiporudi kwa saa fulani, na utafanya nini ugomvi ukizuka mbele yako: utafunga daftari na kuondoka, hutarekodi. Na mkulima akikuambia kwamba jirani yake anafungua lango la maji kinyemela, jina lake lisikae kwenye daftari moja na maneno yake. Tumia namba, na orodha ya majina ihifadhiwe mbali na maandishi ya usaili, yenye nywila.

Hayo yote yana muda wake, na hapa nakuwa mkweli kwako: Oktoba 20 inaweza isitimie. Kamati inayopitisha ruhusa za uwandani hukaa kwa ratiba yake. Piga simu ofisini leo uulize kikao kijacho ni lini na faili linatakiwa kuwa limefika siku gani. Kama kikao kitapita Oktoba 20, omba uelezwe kama mwenyekiti anaweza kuridhia kati ya vikao. Ofisi nyingi zina utaratibu huo kwa maombi ambayo karatasi zake zimekamilika. Isipowezekana, sogeza safari kwa wiki moja au mbili. Utapoteza siku za majaribio ya hojaji, si msimu. Usiondoke huku ukitumaini ruhusa itakufuata. Bima ya chuo kwa kawaida haimlindi mtu aliyesafiri bila idhini, na barua ya utambulisho haitolewi kwa safari ambayo chuo hakiitambui.

Ijumaa nayo isikupite kimya, maana fomu isiyojibiwa inaweza kuonekana kama ombi lililotelekezwa. Mjibu afisa leo kwa mistari miwili: kwamba unashukuru, kwamba unaondoa ombi la awali kwa kuwa halikueleza vizuri, na kwamba unaleta ombi la ruhusa ya uwandani badala yake, tafadhali akutumie fomu yake. Nakala kwa mhasibu, ili asianze kusimamisha kitu.

Ukiwa kule, kama maji yatachelewa na Machi ikafika mpunga bado ni mbichi, omba nyongeza ya muda kabla Aprili 17 haijafika, angalau mwezi mmoja mapema, ukiambatanisha neno la msimamizi na bima iliyoongezwa. Na ukirudi chuoni, wapelekee taarifa ya maandishi kwamba umerejea. Bila hiyo, mfumo unaweza kuendelea kukuonyesha uko nje, nawe utagundua siku unapotaka kujisajili kwa semina ya kuwasilisha matokeo.